Matoleo ya mtihani wa kuchagua: kwa nini jirani yako ana karatasi isiyofanana na yako

Katika mtihani wa maswali ya kuchagua, jibu zima la mtahiniwa ni herufi moja, na herufi iliyosilibwa kwa penseli huonekana hata kwa mtu aliyeketi hatua mbili nyuma. Anayeangalizia insha ya mwenzake hulazimika kusoma sentensi nzima, ilhali anayeangalizia kiduara cheusi anahitaji kutupa jicho mara moja tu. Kwa sababu hiyo watunzi huandaa matoleo kadhaa ya karatasi ileile: maswali ni yaleyale, lakini yamepangwa kwa mfuatano tofauti, na mara nyingi chaguo za kila swali nazo zimebadilishwa nafasi. Swali ambalo katika toleo A ni la 7 na jibu lake ni C, katika toleo B linaweza kuwa la 19 na jibu lake likawa A, hivyo anayenong'ona "saba ni C" anampotosha jirani yake. Huko Brazili, mtihani wa taifa wa ENEM hutofautisha matoleo hayo kwa rangi ya jalada la kijitabu.

Matoleo mawili hayatoshi, ingawa ndiyo yanayotumika sana kwa sababu ya unafuu wake. Ukigawa A na B kwa kupishanisha safu za madawati, wa kushoto na wa kulia watatofautiana, lakini wa mbele na wa nyuma watakuwa na karatasi moja. Ukipishanisha pande zote mbili, wanaokaa kimshazari watafanana. Kwa matoleo manne tatizo hilo huondoka: mstari wa kwanza hupewa A, B, A, B, wa pili C, D, C, D, kisha wa tatu hurudia wa kwanza. Hapo hakuna hata mmoja kati ya majirani wanane wanaomzunguka mtahiniwa aliye na toleo lake. Mpango huo huvurugika msimamizi anapogawa karatasi kutoka kwenye rundo bila kufuata viti, au mtahiniwa aliyechelewa anapoketishwa popote penye nafasi.

Kuchanganya maswali nako kuna mipaka yake. Maswali yanayotegemea kifungu kimoja cha habari husogezwa pamoja, chaguo lisemalo "yote yaliyotajwa hapo juu" hubaki mwisho, na majibu ya namba huachwa yafuatane kutoka dogo hadi kubwa. Mimi huongeza sharti moja: maswali magumu yasikusanyike mwanzoni mwa toleo lolote, kwa kuwa anayekwama kwenye maswali matatu ya kwanza hupoteza muda na utulivu ambao mwenzake mwenye toleo jingine hakupoteza, na hiyo si haki.

Kazi inayohitaji uangalifu kuliko zote huja wakati wa kusahihisha, kwani kila toleo lina mwongozo wake. Tuseme mtihani una maswali 40 yenye chaguo nne kila moja, ambapo mtu anayebahatisha tu hutarajiwa kupata kama 10. Mtahiniwa amesiliba kuwa ana toleo A, akapata 8. Karatasi hiyohiyo ikisahihishwa kwa mwongozo wa C, anapata 33. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuwa bahati, lakini haithibitishi udanganyifu, kwa maana ina maelezo mawili yanayotoa alama zilezile: huenda alifanya toleo C akakosea kusiliba herufi ya toleo, au alikuwa na toleo A kweli na akanakili herufi za aliyeketi mbele yake.

Kijitabu chake cha maswali ndicho huamua, na ndiyo maana hukusanywa pamoja na karatasi ya kujibia, kikiwa na namba ya mtahiniwa. Kikiwa ni cha C, na pembeni mwa maswali ya hesabu pana kazi yake ya kukokotoa, basi kosa ni la kusiliba na anastahili 33 zake. Kikiwa ni cha A, huangaliwa ramani ya ukaaji: je, mbele yake palikuwa na mwenye C? Kisha hulinganishwa majibu waliyokosa. Ikiwa wa mbele alikosa maswali 7 na huyu ana herufi zilezile katika namba hizo saba, ushahidi ni mzito, kwa kuwa wawili wenye maarifa sawa huweza kupatana katika majibu sahihi, lakini ni vigumu kuchagua herufi moja isiyo sahihi mara saba huku kila mmoja akijibu swali tofauti.

Hata hivyo, anayenong'ona jibu lenyewe badala ya herufi yake hazuiliwi na matoleo, na mtihani uliovuja kabla ya siku yake huwa umevuja kwa matoleo yote.