Kusoma mchoro wa Bode: akiba ya ukuzaji na akiba ya fezi kwenye pampu ya maji

Hapa Kigoma maji ya mjini hutoka Ziwa Tanganyika na kusukumwa kupanda vilimani, kwa hiyo kazi inayonifikia mara nyingi zaidi ni ya kudhibiti presha kwa kubadilisha kasi ya pampu. Kidhibiti kinasoma presha ya bomba, kinailinganisha na presha iliyoagizwa, kisha kinaiamuru mota iongeze au ipunguze kasi. Mrejesho wa namna hii ukipangwa vibaya, mshale wa geji hupanda na kushuka bila kutulia, na swali ambalo fundi anapaswa kulijibu kabla ya kugusa chochote ni umbali uliobaki kati ya mfumo wake na hali hiyo. Mchoro wa Bode, uliopewa jina la Hendrik Bode wa maabara za Bell, hujibu swali hilo kwa namba mbili: akiba ya ukuzaji na akiba ya fezi.

Nitatumia mfano wa hesabu unaofanana na mitambo ninayokutana nayo. Bomba pamoja na tangi lake la presha vina muda wa kuitikia wa sekunde 10, yaani baada ya sekunde hizo presha huwa imekamilisha takriban asilimia 63 ya badiliko lake. Mota na kifaa cha kubadilisha kasi vina sekunde 2, na kichujio cha kihisi cha presha kina nusu sekunde. Ukuzaji wa jumla wa kitanzi, yaani wa mzunguko mzima wa mrejesho, kuanzia kwenye kosa la presha hadi presha inayorudi kusomwa, ni 10:

L(s) = 10 / ((1+10s)(1+2s)(1+0.5s))

Mchoro unaochorwa ni wa L, yaani kitanzi kikiwa kimekatwa. Nimekwisha kuletewa michoro mizuri sana ya kitanzi kilichofungwa, na mwenye nayo akawa anatafuta akiba mle ndani. Akiba hizi hazisomwi humo.

Mchoro una mistari miwili juu ya mhimili mmoja wa masafa. Mstari wa juu ni wa ukuzaji kwa desibeli, nao kwa mfano wetu unaanzia desibeli 20, kwa sababu 10 ni desibeli 20, kisha unateremka kwa ukali unaozidi kila unapopita masafa ya 0.1, 0.5 na 2 radiani kwa sekunde. Mstari wa chini ni wa fezi, yaani kiasi ambacho wimbi linalorudi limebaki nyuma ya lile lililoingia, nao unaanza karibu na digrii 0 na kuteremka kuelekea −270.

Ili kupata akiba ya fezi, anza juu. Tafuta mahali mstari wa ukuzaji unapokata desibeli 0; hapa ni kwenye 0.60 radiani kwa sekunde. Kutoka hapo shuka wima hadi kwenye mstari wa fezi, nawe utasoma takriban −148. Umbali kutoka hapo hadi −180 ni digrii 32, na hiyo ndiyo akiba ya fezi. Kwa akiba ya ukuzaji unakwenda kinyume: unaanza chini, mahali fezi inapokata −180, ambapo kwa mfano huu ni 1.12 radiani kwa sekunde, kisha unapanda wima hadi kwenye mstari wa ukuzaji na kusoma desibeli −10. Maana yake ni kwamba ukuzaji unaweza kuongezwa mara 3 na kidogo kabla mfumo haujaanza kuyumba wenyewe.

Anayetazama desibeli 10 peke yake ataridhika, kwa kuwa wengi hukubali desibeli 6 na kuendelea. Digrii 32 zinasema jambo jingine, maana kwa kawaida tunataka 45 au zaidi, na kwa akiba hii presha itapitiliza vibaya kabla ya kutulia.

Tatizo huonekana vizuri zaidi kihisi kinapohamishwa mbali, na usomaji wake ukawa unafika kwa kidhibiti kupitia mtandao wa data, ukiwa umechelewa kwa nusu sekunde. Ucheleweshaji hauugusi mstari wa ukuzaji hata kidogo, bali huivuta fezi chini kwa kiasi cha masafa mara muda uliochelewa. Kwenye 0.60 nusu sekunde hula radiani 0.3, yaani digrii 17, na akiba ya fezi inabaki 15. Kwa vile fezi sasa inafika −180 mapema zaidi, kwenye 0.74, mahali ambapo ukuzaji bado ni mkubwa, ile akiba ya desibeli 10 nayo inaanguka hadi 3 tu. Hakuna aliyegusa ukuzaji, na fundi anayekagua mipangilio ya kidhibiti ataikuta ileile ya jana.

Mtamboni hali hii ina alama yake. Mshale wa geji huyumba na kupungua polepole, kwa kipindi cha takriban sekunde 10. Gawanya 6.28 kwa kipindi hicho upate 0.63, masafa yaliyo jirani kabisa na pale mstari wa ukuzaji unapokata desibeli 0. Mayumbo yakiwa na kipindi cha mbali sana na hicho, mimi huanza kushuku vali inayokwama au hewa iliyonaswa bombani, kwa kuwa mchoro wa Bode hudhani mfumo ni wa mstari, yaani agizo likiongezeka maradufu jibu nalo huongezeka maradufu, na hauoni mambo hayo.

Kwa wanaotumia Paitoni, mfano usio na ucheleweshaji ni huu:

```python
import control as ct
s = ct.tf('s')
L = 10/((1+10*s)*(1+2*s)*(1+0.5*s))
gm, pm, wcg, wcp = ct.margin(L)
```

Hapa `gm` inatoka kama mara, yaani 3.15, na si desibeli, na masafa yote mawili yako katika radiani kwa sekunde. Anayeyasoma kama hezi anakosea mara 6.28.

Dawa ya kwanza ni kupunguza ukuzaji kutoka 10 hadi 5. Mstari wa juu wote unashuka desibeli 6, wa chini haujongei. Pamoja na ule ucheleweshaji, mstari wa ukuzaji sasa unakata 0 kwenye 0.38, fezi hapo ni −134, na tunapata akiba ya digrii 46 na desibeli 9. Gharama yake iko kwenye presha yenyewe: ukiagiza presha ya mita 30 za maji, ukuzaji wa 10 ulituliza presha kwenye mita 27.3, ila wa 5 unaituliza kwenye mita 25, na nyumba za juu kilimani zitakuwa za kwanza kulalamika.

Kosa hilo linaondolewa kwa kuongeza sehemu ya kujumlisha kosa kadiri muda unavyopita, nayo pia hutoza fezi. Ikipewa muda wa sekunde 10, huku ukuzaji ukibaki 5, akiba ya fezi inashuka kutoka 46 hadi 30. Kwa hiyo ninashusha ukuzaji tena hadi 3: mstari wa juu unakata 0 kwenye 0.26, akiba ya fezi inakuwa digrii 47, ya ukuzaji karibu desibeli 12, na presha inafika mita 30 kamili, ingawa inachukua muda mrefu zaidi kufika.