Always na never: nafasi ni moja, si mbili

Karibu kila aliyesoma Kiingereza darasani amekariri kanuni hii: vielezi vinavyoeleza jambo hutokea mara ngapi, kama always, usually, often na never, hukaa kabla ya kitenzi kikuu lakini baada ya be. Kanuni ni ya kweli. Anayeifuata ataandika "She always drinks tea" na "She is always late", na yote mawili ni sahihi. Tatizo huanza sentensi inaporefuka. Mwanafunzi huyohuyo akitaka kusema kwamba Asha atakuwa rafiki yake daima, anaandika "Asha will be always my friend". Ukimsahihisha anauliza, na ana haki ya kuuliza: si tuliambiwa baada ya be?

Nimefundisha sarufi ya Kiingereza kwa muda wa kutosha kuamini kwamba kosa hili linatokana na jinsi tunavyoieleza kanuni yenyewe. Tunawapa wanafunzi nafasi mbili, moja ya vitenzi vya kawaida na nyingine ya be, wakati Kiingereza kina nafasi moja tu. Kielezi hukaa pale pale ambapo not hukaa.

Lijaribu hilo kwa sentensi yoyote. Ikanushe kwanza kwa not, tazama not imeangukia wapi, kisha iondoe na uweke kielezi mahali pake. "She is late" ukiikanusha inakuwa "She is not late", kwa hiyo "She is always late". "Asha will be my friend" inakuwa "Asha will not be my friend". Hapa not imekaa baada ya will na kabla ya be, kwa hiyo jibu ni "Asha will always be my friend". Not haikuangukia hapo kwa bahati tu. Will ndicho kitenzi kisaidizi cha kwanza, na nafasi tunayoitafuta huja mara tu baada ya kisaidizi hicho.

Kitenzi cha kawaida kinahitaji hatua moja zaidi. "She drinks tea" haikanushiki bila kuongeza does: "She does not drink tea". Not imekaa kabla ya drink. Ukiiondoa, does nayo haina kazi tena, kwa hiyo inatoka, na ile s yake inarudi kwenye kitenzi: "She always drinks tea". Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa na wanaoandika "She always drink tea". Wamepata nafasi ya kielezi lakini wameiacha s njiani.

Sasa tuchukue aya fupi ya aina ninayokutana nayo mara kwa mara kwenye insha:

"My grandmother wakes up always at five. She has been never sick. She always has to cook for us, but she doesn't never complain."

Sentensi ya kwanza ikikanushwa ni "does not wake up at five", kwa hiyo "My grandmother always wakes up at five". Ya pili ni "has not been sick", kwa hiyo "She has never been sick". Aliyeandika alikimbilia baada ya been kwa sababu been ni be. Ya tatu mwandishi ameipata, ingawa wengi huandika "She has always to cook" wakidhani has hapa ni kisaidizi. Kipimo kinawajibu: watu wengi leo husema "She does not have to cook", kwa hiyo have to inafuata mkondo wa drink, si wa be. Ya nne ni "does not complain", na never haikai pembeni ya not bali huchukua nafasi yake, kwa kuwa yenyewe tayari inakanusha: "She never complains". Hapa Kiswahili chetu kinatuvuta upande mwingine. Sisi husema "halalamiki kamwe", kitenzi kimekanushwa na kamwe ipo, na hakuna ubaya. Kiingereza sanifu hakikubali kukanusha mara mbili namna hiyo.

Kwa nini be iwe tofauti na drink? Zamani haikuwa tofauti. Katika Kiingereza cha karne kadhaa zilizopita kitenzi chochote kiliweza kutangulia not. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika Mwanzo 4:9, inampa Kaini jibu la "I know not", pale ambapo leo tungesema "I do not know". Baadaye vitenzi vya kawaida vilipoteza uwezo huo na kuanza kutegemea do. Be ilibaki nao. Ndiyo maana hadi leo be hutangulia kiima kwenye swali, "Is she late?", ilhali drink haiwezi na lazima useme "Does she drink tea?". Be ikiwa ndiyo inayobeba njeo ya sentensi, hupanda hadi nafasi ya kisaidizi na kukipita kielezi. Ikiwa kuna kisaidizi kingine mbele yake, haina sababu ya kupanda, inabaki chini, na kielezi kinaitangulia. Kwenye amri pia haipandi: tunasema "Do not be late", kwa hiyo "Never be late" na "Always be careful".

Kuna mahali kipimo hiki hakifiki. Mtu akikuuliza "Is she late again?", jibu ni "Yes, she always is", si "she is always". Kitu kinachofuata be kimeachwa, be imebaki mwishoni, na mwishoni lazima itamkwe kwa uzito. Ndiyo sababu huwezi pia kujibu "Yes, she's" na kuishia hapo. Kisaidizi chenye mkazo hupenda kutanguliwa na kielezi. Vivyo hivyo "I never have" na "They usually do". Hata katikati ya sentensi mtu mwenye hasira anaweza kusema "You always are late!" akiikazia are. Kwenye maandishi ya kawaida, ambako mkazo hausikiki, andika "You are always late".

Mafungu marefu kama every day na twice a week hayaingii katikati kabisa. Yaweke mwisho wa sentensi, au mwanzoni ukipenda.

Jambo la mwisho ni sentensi ambayo tayari ina not. Hapo kielezi kinaweza kukaa upande wowote wa don't, na maana hubadilika. "I don't often understand him" ni kusema kwamba si mara nyingi ninapomwelewa. "I often don't understand him" ni kusema kwamba mara nyingi simwelewi, lakini huenda mara nyingine nyingi namwelewa vizuri. Kinachotangulia ndicho kinachotawala kinachofuata: katika ya kwanza not inakanusha often, katika ya pili often inahesabu mara za kutoelewa. Usually haileti tofauti kubwa, na utasikia "I don't usually eat meat" na "I usually don't eat meat" kwa maana ileile. Sometimes haipendi kabisa kukaa baada ya don't, kwa hiyo sema "I sometimes don't eat meat" au uianze sentensi nayo. Always ni kinyume chake. Ukitaka kusema kwamba huli nyama kila mara, ni "I don't always eat meat". Na ukimaanisha kwamba huli kamwe, usijaribu "I always don't eat meat"; Kiingereza kina never kwa kazi hiyo: "I never eat meat".