Kitabu cha Kusikiliza Njiani: Kichague kwa Maungio Yake

Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya sauti. Nakaa na maandishi mbele yangu na sauti ya msimulizi masikioni, nakagua kama kila sentensi imesomwa ilivyoandikwa, nakata pumzi zilizozidi, kisha napima ukimya unaotenganisha tukio moja na jingine. Watu wanaosikiliza wakienda na kurudi kazini huniuliza swali lilelile: mbona nikifika sura ya nne sijui tena nani ni nani? Wengi wao wanajilaumu kwamba hawana utulivu. Ninavyoona mimi, akili ikitangatanga katikati ya mazungumzo marefu hurudi yenyewe na mara nyingi haijapoteza kitu kikubwa. Hadithi inamwacha msikilizaji kwenye maungio, yaani pale tukio linapokwisha na jingine kuanza, sura inapofungwa, au safari ya leo inapokatikia ili iendelee kesho.

Kwenye kitabu cha karatasi, tukio likiisha huachwa mstari mtupu au huwekwa nyota tatu katikati ya ukurasa. Jicho likiona nafasi ile linajua kwamba tumehama. Kwenye sauti, alama hiyo yote inakuwa ukimya tu, kwa kawaida wa sekunde mbili au tatu. Chumbani zinatosha kabisa. Ndani ya basi, mlango ukifunguliwa au tangazo la kituo likipita wakati huohuo, ukimya umemezwa na hutajua kwamba ulikuwepo.

Chukua mfano huu niliotunga. Msimulizi anasoma: "Rehema aliikunja barua, akaisukuma chini ya godoro." Unapita ukimya wa sekunde mbili na nusu. Kisha: "Alikuwa ameketi barazani tangu asubuhi, akimsubiri mtu wa kumletea habari." Aliyeketi barazani ni mkwewe Rehema, mzee wa watu, ila jina lake halitajwi mpaka aya ya tatu. Aliyekosa ule ukimya anaendelea kumwona Rehema. Kitenzi hakimwambii kama ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo hakuna kinachomshtua. Anasikiliza kwa makini kabisa, na kila anachokisikia anakipachika kwa mtu asiye sahihi. Mzee akija kutajwa, msikilizaji hana nafasi ya kumweka, na hapo ndipo anaposema kitabu kimemchanganya.

Kwa hiyo ukichagua kitabu cha njiani, chunguza namna matukio yake yanavyoanza. Sampuli ya sauti peke yake haitakuonyesha hilo vizuri, kwa sababu huwa ni dakika chache za mwanzo wa kitabu, na mwanzo mara nyingi ni tukio moja lisilokatika. Tafuta sampuli ya maandishi ya kitabu hichohicho, zile kurasa za mwanzo zinazofunguliwa bure, utafute mistari mitupu. Soma sentensi ya kwanza baada ya kila mstari mtupu. Ikiwa inamtaja mtu kwa jina na kukuambia mko wapi, kitabu hicho kitahimili kelele. Ikiwa mwandishi anapenda kuanza na "alikuwa" na "walifika" bila kumtaja mtu, ni ufundi mzuri, lakini kisikilize nyumbani.

Kuna namna mbili za usimulizi zinazokusaidia sana. Ya kwanza ni hadithi inayosimuliwa na mhusika mmoja kwa "mimi" kutoka mwanzo hadi mwisho. Hata ukipitwa na ungio, huwezi kukosea ni nani anayeona mambo. Ya pili ni kitabu chenye wahusika wawili wanaopokezana sura, kila mmoja akiwa na msimulizi wake. Sauti ikibadilika, hiyo ndiyo nyota tatu zako, na haimezwi na mlango. Kinachosumbua zaidi ni kitabu kinachoruka kati ya nyakati mbili kwa kutaja mwaka mwanzoni mwa sura, kikisomwa na msimulizi mmoja. Mwaka unasomwa mara moja tu, kwa sekunde moja, na ukikupita utasikiliza utoto wa mtu ukidhani ni uzee wake.

Baada ya hapo linganisha urefu wa sura na urefu wa safari. Watu wengi hutazama saa za kitabu kizima, ambazo hazisemi mengi. Tuseme kitabu kina saa 11 na dakika 15, na sura 45. Hiyo ni dakika 675, wastani wa dakika 15 kwa sura. Safari yako ni dakika 50, lakini ondoa dakika za kuvuka barabara, kupanda, kutafuta pa kukaa na kujiandaa kushuka. Mara nyingi zinabaki kama 30 unazoweza kusikiliza kweli. Hapo sura mbili zinaingia sawasawa, unashuka mwandishi mwenyewe akiwa amefunga, na kwa safari mbili kwa siku kitabu kitaisha ndani ya siku kumi na mbili hivi za kazi.

Sasa ongeza kasi iwe 1.25x, kama wengi wanavyofanya ili wamalize mapema. Sura ya dakika 15 inakuwa dakika 12, na dakika zako 30 zinabeba sura mbili na nusu. Umeharakisha, lakini umejitengenezea ungio ambalo mwandishi hakuliweka: kila asubuhi unakatikia katikati ya tukio, na jioni unaingia katikati ya sentensi ya mtu. Kwa kitabu hichohicho, kasi ya kawaida ndiyo inayokufaa. Kwingine kasi ni msaada halisi. Sura ya dakika 36 haiingii kwenye dakika 30, lakini kwa 1.25x inakuwa chini kidogo ya 29, ikaingia nzima. Ndiyo maana nashauri kuchagua kasi kwa kutazama sura itaishia wapi. Wastani pia unaweza kukudanganya, kwa hiyo fungua orodha ya sura uone dakika za kila moja. Kama orodha haina sura bali vipande vya dakika sawasawa vinavyoitwa "sehemu ya 1", "sehemu ya 2", rekodi imekatwa kwa saa, na hutajua sura inaisha wapi mpaka uisikie.

Kuna kitufe kimoja naomba ukizime, kile cha kuruka ukimya, ambacho programu nyingi wanacho kwa ajili ya kuokoa muda. Kinafupisha ukimya wote bila kujua upi ni pumzi ya msimulizi na upi ni mpaka wa tukio. Zile sekunde mbili na nusu nilizozipima kwa mkono zinakuwa nusu sekunde, na Rehema anahamia barazani hata ukiwa chumbani kimya.

Kuhusu kelele, sampuli ijaribu palepale utakaposikilizia, kwenye gari linalotembea, ukisikiliza hasa miisho ya sentensi. Wasimulizi wengi hushusha sauti wanapofika mwisho, na wengine hunong'ona kwenye maneno ya siri. Ikiwa unalazimika kupandisha sauti ili upate neno la mwisho kisha unaishusha mhusika anapofoka, msimulizi huyo hakufai njiani, hata awe hodari kiasi gani. Spika za masikioni zinazopunguza kelele hufanya kazi vizuri kwa muungurumo mfululizo wa injini, lakini mazungumzo ya abiria wa pembeni huyapunguza kwa kiasi kidogo. Na usishindane na kelele kwa kuongeza sauti tu. Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango cha usalama kwa mtu mzima kwenye desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3 muda huo unapungua kwa nusu.

Hata kitabu kikichaguliwa vizuri, utaachwa siku moja. Dalili yake ni kwamba unaelewa kila sentensi lakini huwezi kujibu mambo matatu: nani yuko hapa, wako wapi, na anayesema anataka nini. Likikushinda moja tu, bonyeza kitufe cha kurudisha nyuma, ambacho kwa kawaida ni cha sekunde 10, 15 au 30, mara moja, usikilize. Yakikushinda mawili, usiendelee kubonyeza sekunde 30 mara sita ukikamata vipande, kwa sababu unasikia mambo kinyumenyume na unazidi kuchanganyikiwa. Rudi moja kwa moja mwanzo wa tukio. Kama hujui lilipoanzia, rudi dakika tano, uliache lisomwe, ukiusubiri ule ukimya. Ukiusikia, weka alamisho hapo. Kwa tukio gumu ninaweka alamisho pale linapoanza, wala si pale ninaposhukia, na jioni naanzia humo.

Majina yana shida yake, maana sikio halioni herufi. Wahusika wanaoitwa Salma, Salama na Saluma wanatofautiana vizuri kwenye karatasi, lakini katikati ya muungurumo ni mtu mmoja. Andika kwenye simu jina na neno moja la kumtambulisha kila anapoingia mtu mpya mwenye kuzungumza: Salma dada, Saluma jirani. Majina sita au saba yanatosha kwa sura za mwanzo. Ukiona orodha imepita kumi na mbili na bado uko kwenye saa ya kwanza, hicho ni kitabu cha kusoma kwa macho.

Kwa anayeendesha gari mwenyewe, mengi ya hapo juu hayatumiki, kwa sababu barabara ndiyo yenye haki ya kwanza na hupaswi kugusa simu ili urudishe nyuma. Achague kitabu ambacho ameshakisoma, au hadithi fupi zinazojitegemea, akubali kwamba kwenye makutano atapitwa.

Pengo refu kuliko yote ni la mwisho wa wiki. Ijumaa jioni unaachia, Jumatatu asubuhi programu inakurudisha sekunde ileile, na hukumbuki kwa nini mhusika analia. Usianze sura upya, maana utachoka kusikia uliyoyajua na akili itahama. Rudisha dakika tatu tu. Lakini kabla ya kubonyeza, jiambie kwa maneno yako tukio la mwisho unalolikumbuka. Likitokea ndani ya dakika hizo tatu, endelea. Lisipotokea, ina maana uliachwa Ijumaa yenyewe, labda karibu na kituo chako, ulipokuwa unakusanya vitu ili ushuke, na mahali pa kurudi ni ungio lililo kabla ya hapo.