Umeomba muda, lakini hujasema unataka hadi lini

Mimi ni mfasiri wa kujitegemea, Kiingereza kwenda Kiswahili, miongozo ya afya kwa wingi na ripoti za mashirika. Kazi zangu nyingi zinapitia kwa mawakala, kwa hiyo anayenidai faili mara nyingi ni meneja wa mradi, mteja mwenyewe hata simjui sura. Leo naongelea ile meseji ambayo wote tumewahi kuiandika, na wengi tunaiandika hivi: "Samahani sana dada, nimepata changamoto kidogo, naomba uniongezee muda, nitajitahidi nimalize haraka."

Jiweke kwenye kiti cha huyo dada sasa. Nyuma yake kuna mhariri ambaye ameshamwekea tarehe, nyuma ya mhariri kuna dizaina wa kupanga kurasa, na nyuma ya dizaina kuna mtu wa kiwanda cha uchapaji anayesubiri faili. Meseji yako inatakiwa imsaidie kuwapigia hao wote na kuwaambia kitu, sasa atawaambia nini? Kwamba mfasiri ana changamoto kidogo? Hilo neno changamoto kiukweli lingepumzishwa, maana linabeba kila kitu kuanzia msiba hadi uvivu. Ataishia kukupigia simu kukuuliza lini, wewe utasema "kesho kutwa hivi", na hapo tayari umeshatoa tarehe bila kupiga hesabu.

Nitoe mfano wa kazi yangu mwenyewe. Mwongozo wa mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, maneno 22,000, sura 8. Nilianza Jumatatu tarehe 4, nikabidhi Ijumaa tarehe 15 saa 11 jioni. Spidi yangu ni maneno 2,500 kwa siku, na humo ndani kuna kusoma upya asubuhi kile nilichotafsiri jana yake. Kwa hiyo siku 9 za kutafsiri, ya kumi naipitia yote kuangalia istilahi na namba. Ilikuwa inatosha vizuri tu.

Alhamisi tarehe 7 nikaamka natetemeka, nikaenda kupima, malaria. Nikapewa dawa ya mseto ya siku tatu nikarudi kulala.

Sasa hapa ndipo watu tunapojidanganya. Nimelala pale nikaanza hesabu kichwani, nimeshamaliza 7,500, zimebaki 14,500, nikirudi Jumatatu nina siku tano, yaani 2,900 kwa siku, mbona naweza, sina haja ya kumsumbua mtu. Hesabu inaonekana tamu kwa sababu nimeiba ile siku ya mwisho ya kupitia. Ukiirudisha zinabaki siku nne, ambazo ni maneno 3,625 kwa siku, na mtu mwenyewe ndo kwanza ametoka kitandani na mdomo unauma uchungu wa dawa. Haiwezekani. Na siku hesabu inapokataa ndiyo siku ya kuandika, hata kama dedilaini iko wiki nzima mbele. Miaka ya nyuma niliwahi kukaa kimya hadi saa 10 jioni ya siku yenyewe ndiyo nikaomba, muda nikapewa, lakini kazi kutoka kwa wakala yule sijaziona tena na siwezi kuwalaumu.

Basi Ijumaa tarehe 8 mdogo wangu akaniletea laptopu kitandani, nikaandika hivi:

"Mada: Mwongozo wa wahudumu wa afya, naomba tarehe 21 badala ya 15

Habari za leo dada. Naomba kusogeza tarehe ya kukabidhi kutoka Ijumaa tarehe 15 saa 11 jioni hadi Alhamisi tarehe 21 saa 6 mchana.

Jana nilikutwa na malaria. Jana na leo sijafanya kazi, natumia dawa, na Jumatatu tarehe 11 narudi mezani.

Hadi Jumatano jioni nilikuwa nimetafsiri sura ya 1 hadi ya 3, maneno 7,500 kati ya 22,000. Sura ya 1 na ya 2 nimeshazisoma upya, nimeziambatanisha hapa pamoja na orodha ya istilahi. Sura ya 3 bado sijaisoma, utaipata Jumanne tarehe 12 jioni. Ya 4 na ya 5 zitafika Ijumaa tarehe 15 kama tulivyopanga, na 6 hadi 8 tarehe 21. Kwa hiyo mhariri anaweza kuanza Jumatatu tarehe 18 bila kungoja.

Kama tarehe 21 haiwezekani naomba unijulishe leo, sura ya 8 bado sijaigusa, naweza kuiachia apewe mtu mwingine na nitamtumia istilahi zangu."

Tuanze na sababu, hiyo ni mistari miwili tu. Imetaja kilichotokea, siku ngapi zimekwenda, na kama kimeisha au bado. Hilo la tatu ndilo watu husahau. Mtu anaandika aya nzima ya homa na kutapika na foleni ya hospitali lakini hasemi anarudi lini kazini, na meneja akiwa na utu wake anaogopa hata kuuliza. Msiba vilevile, pole utapewa bila shaka, ila sema unazika lini na unarudi lini. Na kama sababu ni kwamba ulipiga hesabu vibaya, andika hivyohivyo kwamba nilikadiria vibaya sura zenye majedwali. Usimuue bibi yako, kuna wafasiri mabibi zao wamekufa mara tatu na mameneja wanakumbuka. Ila mteja akibadilisha faili katikati ya kazi, hapo huombi msamaha, unataja maneno mangapi yameongezeka, na unaomba siku pamoja na malipo yake.

Tarehe sasa. Nilipataje 21? Jumatatu na Jumanne za mwanzo niliziwekea maneno 1,000 kila moja kwa sababu mwili bado haujakaa sawa, zikabaki 12,500, hizo ni siku tano za kawaida kuanzia Jumatano tarehe 13, wikiendi nimeziacha, nafika Jumanne tarehe 19. Tarehe 20 napitia yote. Halafu nikaongeza nusu siku, umeme ukikatika nisiombe tena, maana ombi la pili kwenye kazi moja linaua lile la kwanza pia, tarehe yako yoyote haiaminiki tena. Watu wengi wanaona aibu wanaomba siku mbili wakati wanahitaji nne. Bora aibu ya kuomba nne mara moja.

Na weka saa. "Mwisho wa siku" ni mwisho wa siku ya nani? Na ukimwandikia wakala wa nje usiseme saa 11 ukadhani ameelewa jioni, yeye anasoma asubuhi. Huko naandika 17:00 saa za Afrika Mashariki. Kitu kingine, kama dedilaini ni Ijumaa jioni na wewe umebakiza kidogo tu, uliza kama Jumatatu saa 2 asubuhi inafaa, mara nyingi haimgharimu mtu chochote kwa sababu faili lingelala kwenye imeili wikiendi nzima. Ila uliza, wapo wahariri wanaofanya kazi Jumamosi.

Sehemu ninayoipenda ni hiyo ya kilichokamilika, kwa sababu ndiyo iliyofanya ombi likubalike. Siku sita ni nyingi. Lakini ukiangalia vizuri mhariri hakusogea hata siku moja, tarehe 18 ile ile anakuta sura tano mezani, na anapozimaliza zangu za mwisho zimeshafika. Hiyo ndiyo habari dada alikuwa anaitafuta.

Ndiyo maana usiandike "nimefika asilimia 60". Asilimia 60 ya nini? Natumia programu ya kutafsiria ya OmegaT, pale chini inakuhesabia vipande vilivyotafsiriwa, na kichwa cha habari cha maneno mawili ni kipande kimoja sawasawa na sentensi ya maneno arobaini. Kwenye mwongozo wenye vichwa vingi na orodha nyingi sura za mwanzo unaweza kuwa umemaliza nusu ya vipande na theluthi tu ya maneno. Taja sura na maneno. Na tenganisha kilichotafsiriwa na kilichosomwa upya, maana kilichotafsiriwa tu bado hakiwezi kwenda kwa mhariri. Ningesema "sura 3 zimekamilika" ningekuwa nimedanganya sura moja, na angeiomba siku ile ile.

Kutuma vipandevipande kuna ubaya wake pia. Ukifika sura ya 7 unagundua neno ulilochagua sura ya 1 halifai, kwangu lilikuwa kuchagua kati ya "dalili za hatari" na "dalili za tahadhari", na kumbe sura ya kwanza iko kwa mhariri tayari. Ndiyo sababu ya ile orodha ya istilahi, na ndani yake niliweka rangi ya njano kwenye maneno ambayo sijayaamua, mhariri akiyakuta asihangaike kuyabadilisha. Kazi za sheria au mikataba mi sikabidhi hivi kabisa, neno moja likibadilika linagusa vifungu vyote.

Dada alijibu baada ya saa moja hivi. "Pole sana kaka, tarehe 21 sawa, ila sura ya 7 naomba iwahi kuliko ya 6, ina michoro mingi dizaina anataka maneno yake mapema." Nikabadilisha mpangilio, kwangu ilikuwa ni kitu kile kile. Asingelijua hilo la kuomba kama nisingemwonyesha sura zipi ziko wapi.

Halafu nikamrudia na mstari mmoja, kumwomba abadilishe tarehe kwenye oda ya kazi kule kwenye mfumo wao. Hii usiidharau. Yeye amekubali kwa imeili lakini mfumo bado unasoma tarehe 15, na tarehe 16 unakuandika umechelewa wenyewe, na kwa mawakala wanaokata pesa kwa kuchelewa, mtu wa malipo anaangalia mfumo, imeili yenu hajaiona. Alibadilisha jioni ile ile, nikapiga picha ya skrini nikaihifadhi na ankara.