Takwimu za Machi hubadilika hata Mei

Wanaonakili takwimu kila usiku kutoka DHIS2, mfumo unaopokea ripoti za vituo vya afya Uganda, kwenda hifadhidata yao husema: "Mwezi ukishapita takwimu zake zimefungwa, kwa hiyo kila usiku tuvute mwezi mpya tu."

Sivyo. Takwimu za DHIS2 hurekebishwa hata baada ya mwezi kupita. Tuseme kituo kimoja Masindi kiliandika wagonjwa 412 wa malaria mwezi Machi, kisha Mei karani akapekua rejesta akakuta ni 142. Ukichuja kwa kipindi cha mwezi mpya tu, marekebisho hayo hutayaona kamwe. Chuja kwa tarehe ya badiliko:

```
/api/dataValueSets?dataSet=ID&orgUnit=ID&children=true&lastUpdatedDuration=3d&includeDeleted=true
```

Siku tatu kwa kazi ya kila usiku ni kusudi: siku zikiingiliana, usiku mmoja ukikwama hupotezi kitu.

Sasa namna ya kuhifadhi, na hapa ndipo wengi huharibu. Ukiongeza safu mpya chini ya ile ya zamani, Machi itasoma 554. Badilisha thamani palepale kwa ufunguo kamili: kipengele cha data, kipindi, kituo, na michanganyiko yote miwili ya kategoria. Ukisahau kategoria, thamani ya watoto itafuta ya watu wazima. Safu yenye alama `deleted` iondoe kwenye jumla. Bila `includeDeleted` hata hutajua ilifutwa.

Thamani ya zamani na tarehe ya badiliko ziweke kwenye jedwali la pembeni. Ofisi ya wilaya itauliza kwa nini ripoti iliyochapishwa Aprili haifanani na ya leo, na itauliza kwa ukali.

Kila mwezi vuta miezi 12 iliyopita yote upya, ulinganishe jumla kwa kila kituo na ulizohifadhi.