Jedwali la sababu na matokeo katika mfumo wa kengele ya moto: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Jedwali la sababu na matokeo husomwa kwa njia mbili. Mistari ya mlalo huorodhesha vinavyohisi moto, kama vile vitambuzi vya moshi, vitufe vya kuvunja kioo na swichi za mtiririko wa maji. Safu wima hutaja kinachopaswa kutokea: lifti kurudishwa, dampa, yaani bapa za kuziba mifereji ya hewa, kufungwa, milango kuachiwa, feni kuzimwa. Alama ya X huwekwa pale mstari unapokutana na safu. Kwa kuwa karatasi yenyewe ni nyepesi kuisoma, wengi hudhani kwamba na yaliyomo ni mepesi. Tuchukue jengo la mfano lenye ghorofa ya chini, orofa nane juu yake na maegesho chini ya ardhi. Lina lifti mbili, mashine moja ya hewa iliyoko juu ya paa, na ngazi iliyofungiwa feni ya kuisukumia hewa safi ili moshi usiingie.

Dhana: kengele yoyote ikilia, kila kitu kifanyike.

Jedwali lenye X katika kila kisanduku mara nyingi ni jedwali ambalo hakuna aliyekaa akalifikiria. Chukua kitufe cha kuvunja kioo. Mtu aliyeona moshi orofa ya sita anaweza kuteremka mbio na kukibonyeza kitufe cha orofa ya tatu, kwa hiyo kitufe hicho kinaeleza mahali mtu alipo wala si mahali moto ulipo. Ndiyo sababu katika utaratibu wa NFPA 72 na ASME A17.1, viwango vya Marekani vya kengele za moto na vya lifti, kurudisha lifti huachiwa hasa vitambuzi vilivyoko kwenye kumbi za lifti, katika chumba cha mashine ya lifti na, vinapowekwa, ndani ya shimo la lifti.

Safu ya kuzima hewa ina mtego wa aina yake. Ikiandikwa tu “zima feni”, fundi anaweza kuzima pamoja nazo feni ya ngazi, ambayo wakati wa moto inapaswa kuwaka. Feni za kutoa moshi nje nazo ni vivyo hivyo. Ni heri kila feni ipewe safu yake na jina lake, hata kama karatasi itakuwa pana kiasi cha kuchosha macho.

Dhana: lifti hurudi ghorofa ya chini, basi.

Hurudi huko ikiwa moshi hauko huko. Katika jengo letu, kitambuzi cha ukumbi wa lifti wa orofa ya tano kikihisi moshi, lifti zote mbili huteremka hadi ghorofa ya chini, hufungua milango na kukaa hapo bila kuitikia wito wa kawaida. Lakini kikihisi kitambuzi cha ukumbi wa ghorofa ya chini yenyewe, amri hiyo hiyo ingewafungulia abiria mlango mbele ya moshi. Mstari huo lazima upeleke lifti kwenye kituo mbadala, tuseme orofa ya kwanza. Tena, katika utaratibu niliotaja, ishara ya kwanza ndiyo inayoamua kituo: moshi ukisambaa baadaye na kitambuzi kingine kikaitika, lifti iliyokwisha kupewa safari haigeuzwi.

Kuna njia rahisi ya kulikagua jambo hili kabla ya jaribio lolote: hesabu nyaya. Kama kutoka paneli ya kengele hadi kidhibiti cha lifti kuna rilei moja tu, yaani swichi moja inayoendeshwa kwa umeme, lifti haina namna ya kujua iende kituo kipi, na mstari wa kituo mbadala utabaki kuwa wino mtupu.

Dhana: “achia milango” inajieleza yenyewe.

Haijielezi, na lugha yetu inachangia. Mlango wa kuzuia moto kwenye ujia hushikiliwa wazi na sumaku. Ukiachiwa, mkono wa kufungia huuvuta nao hujifunga ili kuzuia moshi. Mlango wa kutokea wenye kufuli la sumaku nao huachiwa, lakini huo hubaki huru kufunguliwa na mtu anayekimbia. Milango yote miwili hukatiwa umeme, ila mmoja hufunga na mwingine hufunguka. Katika jedwali andika “ujifunge” na “ufunguke”, kisha taja namba ya mlango.

Wengi huongeza kwamba kufuli la sumaku ni salama kwa sababu umeme ukikatika huachia. Ni kweli, ila swali ni umeme umekatwa wapi. Kufuli nyingi hupata umeme wa volti 24 kutoka kisanduku chenye betri ya akiba. Rilei ya kengele ikikata umeme unaoingia kwenye kisanduku, betri hushika zamu na mlango hubaki umefungwa kama vile hakuna kilichotokea. Rilei inapaswa kukaa baada ya betri, kwenye waya unaokwenda kwenye kufuli lenyewe.

Dhana: dampa zote hufungwa na kengele.

Dampa yenye kiungo cha kuyeyuka pekee haina waya. Kiungo chake hukatika joto likifikia takriban nyuzi 72, na moshi uliopoa unaosafiri katika mfereji wa hewa huipita bila kuigusa. Kuiwekea X katika jedwali ni kuahidi kisichoweza kutimia. Dampa inayostahili X ni ile yenye mota na springi, ambayo mota huishikilia wazi na springi huifunga umeme unapokatwa.

Hata hiyo haifungi papo hapo. Feni nayo, baada ya kuzimwa, huendelea kuzunguka kwa muda. Bapa zikifunga huku feni ikisukuma kwa nguvu zote, shinikizo linaweza kuubonyeza mfereji au kuzizuia bapa zisifike mwisho. Feni itangulie kuzimwa. Wakati wa kurudisha hali ya kawaida mambo hugeuka: dampa zifunguke kwanza, swichi zinazohisi bapa zimefika mwisho zithibitishe, ndipo feni iwashwe.

Dhana: paneli ikionyesha amri imetoka, kazi imefanyika.

Katika jaribio moja nililoshiriki, taa ya “kuzima mashine ya hewa” iliwaka kwenye paneli na karatasi ikatiwa tiki. Mwenzangu aliyekuwa orofa ya nne alishika kipande cha karatasi ya shashi mbele ya tundu la hewa, nacho kikaendelea kupepea. Tulipopanda paani tulikuta swichi ya kiwashio cha feni imewekwa upande wa “mkono”, na mguso wa rilei ya kengele ulikuwa umeunganishwa kwenye njia ya “otomatiki” peke yake. Mtu yeyote aliyekuwa akiigeuza swichi hiyo kwa ajili ya matengenezo alikuwa akiifuta X bila kujua.

Tiba yake ilikuwa kuuhamisha mguso huo kwenye waya wa udhibiti wa kontakta, yaani swichi kubwa inayoipa feni umeme, mahali ambapo njia zote mbili hupita, na kuweka swichi ya tofauti ya shinikizo kwenye feni ili paneli ijulishwe kama hewa imesimama kweli. Baadaye tulirudia jaribio mara mbili, swichi ikiwa upande wa “otomatiki” kisha upande wa “mkono”, na mara zote mbili karatasi ya shashi ilining'inia imetulia.