"Prosesa yaibana kadi": maana yake hasa

Hapa Malindi, kuanzia Shella hadi Barani, ukipeleka kompyuta ya mezani kwa fundi ukasema inakwama, jibu huja hata mashine haijawashwa: "Prosesa yako yaibana kadi, bwana." Mteja huenda zake akianza kuchanga pesa za prosesa mpya.

Kubana maana yake ni hii: kazi hupitia sehemu kadhaa za kompyuta, na ile iliyozidiwa huku nyingine zikiisubiri ndiyo inayobana. Linaloniudhi ni kulisema neno hili kana kwamba ni ila ya kudumu baina ya prosesa fulani na kadi fulani ya picha. Sivyo. Vifaa vilevile viwili, kazi ikibadilika, kinachobana nacho hubadilika. Na mara nyingi si prosesa wala kadi.

Chukua mashine ya kijana mmoja anayehariri video za harusi. Ni kompyuta ya ofisini iliyotumika, yenye prosesa ya Core i5-6500, kadi ya GTX 1050 Ti na memori ya GB 8. Akiburuta video kwenye programu ya kuhariri, picha huganda. Ameambiwa anunue Core i7. Kabla hajatoa hata shilingi, afungue kazi yake nzito kabisa, abonyeze Ctrl + Shift + Esc, aende kwenye Performance, kisha aendelee kuhariri huku akitazama. Memory imefika asilimia 96, Disk imegota 100, na CPU iko kwenye 35. Hapo prosesa haina kosa. Memori imejaa, Windows inahamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na diski ni ya polepole mno kwa kazi hiyo, kwa hiyo prosesa inangoja tu. Core i7 ingengoja vilevile.

Kwenye ukurasa huohuo wa Memory pameandikwa Slots used: 1 of 2. Nafasi moja iko wazi. Anunue kipande kimoja zaidi cha GB 8, cha aina ileile na kasi ileile. Aina aisome kwenye kipande chenyewe, maana DDR3 haiingii mahali pa DDR4. Vipande viwili vikikaa kila kimoja kwenye njia yake, prosesa huvisoma kwa pamoja, jambo ambalo kipande kimoja hakiwezi kulitoa.

Baada ya hapo, akitoa video iliyokamilika, ataona CPU imepanda karibu na 100. Asidhani ameharibu kitu. Kubana hakujaisha, kumehama, na safari hii prosesa ndiyo inayobana kweli. Kama kuganda wakati wa kuhariri kumekwisha na kilichobaki ni kungoja video itoke, aamue mwenyewe kama kungoja huko kunastahili pesa. Akiamua kununua, ubao wake wa kizazi hicho hupokea prosesa za kizazi cha sita, na cha saba ikiwa BIOS yake inaziunga mkono. Core i7-8700 ina soketi yenye idadi ileile ya pini, lakini haitafanya kazi humo.

Kwenye michezo ndipo watu hukosea zaidi, kwa kuwa CPU inaweza kuonyesha 40 na bado ikawa inabana: kiini kimoja kimezidiwa, vingine vimepumzika. Kipimo chake hakina gharama. Shusha ukubwa wa picha ndani ya mchezo, kutoka 1920 × 1080 hadi 1280 × 720. Fremu kwa sekunde zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa ikibana. Zikibaki palepale, ni prosesa. Na kabla ya kununua kadi kubwa, fungua kasha utazame pawasaplai: nyingi za mashine za ofisini hazina waya wa ziada wa kulisha kadi, na GTX 1050 Ti hupendwa humo kwa sababu matoleo yake mengi hutosheka na umeme wa ubao.

Tena kuna joto letu na vumbi. Ukiwa kazini, tazama Speed kwenye ukurasa wa CPU. Ikishuka chini ya Base speed, ambayo kwa i5-6500 ni 3.2 GHz, huku CPU ikiwa imejaa, shuku joto kwanza. Safisha feni na ubadilishe pesti iliyokauka juu ya prosesa, kisha upime upya.

Kwa hiyo, fundi wangu, mteja akikuuliza kama prosesa yake yaibana kadi, usimjibu kwa majina ya vifaa. Muulize kwanza inabana akifanya kazi gani, umwashie mashine, aifanye kazi hiyo mbele yako.